Kuoanisha dawa siku ya kuruhusiwa: za nyumbani, za wodini na za kuondoka nazo

Mgonjwa akiruhusiwa anaondoka na cheti kimoja, lakini nyumbani zinamsubiri dawa za zamani ambazo hakuna aliyezifuta. Asiposaidiwa kuzioanisha na hizi mpya, atafanya moja kati ya mawili: atakunywa zote, au atakunywa mpya tu na za zamani atazitupa. Yote mawili yanarudisha watu wodini.

Mwongozo huu nawaandikia wauguzi, matabibu na wafamasia wa wodi zetu za Mtwara na Lindi, ingawa ndugu anayeuguza akiusoma hatapotea njia. Nitatumia mgonjwa mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho. Yeye ni bibi wa miaka 66, mkulima wa korosho wa Newala, mwenye kisukari na presha. Mjukuu wake amemleta Mtwara mjini baada ya siku tatu za kuharisha na kutapika. Alipopokelewa presha yake ilikuwa 90/60, sukari milimoli 3.1, na kreatinini mikromoli 210, maana yake figo zimeelemewa. Akatundikiwa dripu, akapewa sukari ya mshipani na sindano za antibayotiki, na dawa zilizokuwa kwenye kadi yake ya kliniki zikasimamishwa. Siku ya nne presha ikapanda hadi 168/94, daktari akaandika amlodipini ya miligramu 10. Siku ya sita anakula vizuri, kreatinini imeshuka hadi 118, anaruhusiwa.

Cheti chake cha kuondokea kina dawa tatu: amlodipini miligramu 10 mara moja kwa siku, omeprazoli miligramu 20 mara moja kwa siku, na parasetamoli akisikia maumivu. Kinaonekana kisafi kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Hatua ya kwanza: pata orodha ya kweli ya nyumbani

Kazi hii ifanyike siku moja kabla ya kuruhusiwa, au mapema zaidi ukiweza. Raundi ikishapita na mjukuu ameambiwa akalipe bili, kichwa chake kiko stendi. Hatakusikiliza, na huna haki ya kumlaumu, maana akikosa basi la Newala atatafuta pa kulala.

Kadi ya kliniki ni pa kuanzia tu. Inakuonyesha alichoandikiwa, na mara nyingi hicho sicho anachomeza. Mgonjwa wa Newala anaweza kuwa na kadi ya kisukari ya hospitali ya wilaya, cheti cha zamani cha Ndanda na bahasha ya dawa ya Ligula, kila kimoja kikiwa hakijui habari za mwenzake. Juu ya hapo kuna duka la dawa muhimu la kijijini, ambalo halina cheti chochote.

Kadi ya bibi yetu ina dawa tatu. Kuna metformini miligramu 500 kutwa mara mbili, glibenklamidi miligramu 5 asubuhi, na kidonge cha presha cha mchanganyiko chenye losatani miligramu 50 na hidroklorothiazidi miligramu 12.5. Ukiishia hapo utakuwa umekosa nusu ya habari. Keti naye, amkia kwanza, halafu mpitishe kwenye siku yake badala ya kumuuliza anatumia dawa gani.

"Bibi, ukiamka unaanza na ipi?"

"Ile nyeupe ndogo ya sukari, na ile ya presha."

"Ya presha ni moja?"

"Mbili. Moja ya kliniki, moja aliyoninunulia binti yangu nilipokwenda kwake."

"Na magoti yakikuuma msimu wa korosho?"

"Aa, hiyo si dawa, ni ya maumivu tu. Ananipa wa dukani."

Hilo jibu la mwisho utalisikia kila wiki. Wagonjwa wetu wengi wakiulizwa kuhusu dawa wanataja za kliniki peke yake. Kwa hiyo ulizia kwa jina lake kila kundi wanaloliacha nje: za maumivu, za vidonda vya tumbo, za macho, za kuvuta kwa pumu, sindano au vipandikizi vya uzazi kwa wenye umri huo, na mizizi au majani ya kuchemsha. Ukikemea mizizi hutaambiwa tena, basi andika tu. Na kama mzee Kiswahili chake kinakwama, tafuta mtu mzima wa kufasiri Kimakonde. Mjukuu wa darasa la tano hafai kwa kazi hii.

Swali la ARV lina adabu zake. Liulize mkiwa wawili tu, ndugu wakiwa wametoka, kwa sababu wapo wenye kadi ya CTC ambayo hakuna nyumbani anayeijua. Na usiliruke kwa kuona haya. ARV zikikatika wodini kwa kuwa hazikuandikwa kwenye chati, umefungua mlango wa usugu. Tena dolutegravi, iliyomo kwenye kidonge kinachotumiwa na wengi sasa, inapandisha kiwango cha metformini mwilini, kwa hiyo mwenye dawa hizo mbili hapaswi kuzidi miligramu 1000 za metformini kwa siku.

Sasa tazama dawa zenyewe. Za bibi zimebaki Newala. Mwombe mjukuu ampigie mama yake, apange dawa zote mezani, apige picha mbele na nyuma ya kila pakiti na maandishi ya bahasha, atume. Kama nyumbani kuna simu ya kitochi tu, mtu asome herufi moja moja na wewe uandike. Maelezo ya "nyeupe ya duara" yasikubalike, kwani nusu ya dawa duniani ni nyeupe za duara.

Picha za bibi zinaleta habari mbili. Kwanza, ile presha ya binti ni amlodipini miligramu 5, pakiti imebaki nusu. Pili, bahasha ya metformini imeandikwa tarehe 3, vidonge 60, 1x2. Bibi alilazwa asubuhi ya tarehe 18. Kwa siku 15 angekuwa amemeza 30, zibaki 30. Zimebaki 46. Amemeza 14 tu, yaani karibu kimoja kwa siku. Ukimuuliza anakwambia cha jioni kinamvuruga tumbo, ameacha muda mrefu. Kwenye orodha yako andika hivyo: *500 mara mbili kwenye kadi, anameza mara moja.* Daktari akirudisha dozi ya kadi bila kujua, atakuwa ameipandisha maradufu kwa mtu ambaye tumbo lake limetoka kuchafuka.

Hatua ya pili: chuja chati ya wodi

Chukua chati na utenganishe dawa zilizokuwa za kumvusha na zile zenye safari zaidi. Dripu, sukari ya mshipani na sindano zimekwisha kazi. Inayobaki ni amlodipini, ambayo ina sababu ya kuendelea, na omeprazoli, ambayo ilianza siku ya pili kwa sababu ya kiungulia cha kutapika.

Omeprazoli ni dawa inayopenda kusahaulika kwenye cheti. Ikiandikwa bila tarehe ya mwisho, ukikutana na mgonjwa mwaka kesho bado anainunua dukani. Uliza kiungulia kipo? Kama kimeisha, nayo imeisha. Kama kipo, iandikwe siku 14 na neno "kisha acha".

Tazama pia mistari iliyochorwa juu ya dawa kwenye chati. Mstari hausemi kama dawa imefutwa moja kwa moja au imesubirishwa tu, na daktari tarajali anayeandika cheti Jumamosi hakuwepo Jumatatu ilipochorwa. Ananakili zilizo hai, zilizochorwa zinapotea. Metformini na losatani za bibi zimepotea kwa njia hiyo hiyo, bila mtu yeyote kuamua ziachwe.

Hatua ya tatu: ziweke ubavu kwa ubavu, kwa jina la dawa na kwa kazi yake

Chora safu kwenye karatasi: nyumbani, wodini, kuondoka, uamuzi. Andika kila dawa kwa jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo chini ya jina la kampuni kwenye pakiti. Majina ya kampuni yanadanganya. Pakiti mbili za rangi tofauti na majina yasiyofanana zinaweza kuwa amlodipini zote mbili.

Halafu tafuta marudio ya aina tatu. La kwanza ni dawa ile ile mara mbili. Bibi atarudi na amlodipini ya 10 na atakuta ya 5 mezani. Akinywa zote ni 15, wakati mwisho wa dozi ya mtu mzima ni 10 kwa siku. Atakachokiona kwanza ni miguu kuvimba, na mtu wa dukani akiona miguu imevimba ampe dawa ya kukojoa. Hapo tumezalisha dawa ya tatu kutokana na kosa la ya kwanza, na figo zake ndizo zitakazolipa.

La pili ni dawa mbili za kazi moja. Hili huzaliwa dirishani: losatani imeisha, mgonjwa anapewa enalaprili badala yake, na hakuna anayemwambia kuwa hii imechukua nafasi ya ile iliyoko nyumbani. Anazinywa zote, na hizo mbili pamoja zinabana figo na kupandisha potasiamu. Kila ukibadilisha dawa kwa sababu ya stoo, andika kwenye bahasha: "badala ya losatani".

La tatu limejificha ndani ya kidonge cha mchanganyiko. Daktari wa kliniki ijayo akiona presha iko juu anaweza kuongeza hidroklorothiazidi, wakati tayari imo ndani ya kidonge cha losatani. Kwa hiyo kila mchanganyiko uandikwe kwa viungo vyake vyote, pamoja na miligramu za kila kimoja.

Ukimaliza marudio, geuza swali: nini kilikuwa nyumbani na hakipo kwenye cheti? Kwa bibi ni metformini, glibenklamidi, kidonge cha losatani na hidroklorothiazidi, na diklofenaki ya magoti. Yapo makundi ambayo ukiyaona yametoweka unasimamisha kila kitu hadi upate jibu: dawa za kifafa kama fenobabitoni, prednisoloni aliyoitumia kwa wiki kadhaa, atenololi au propranololi, insulini, ARV na dawa za kifua kikuu. Nne za mwanzo zikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kurudi na degedege, kuishiwa nguvu na presha kuanguka, mapigo ya moyo kwenda mbio, au sukari kupaa ndani ya siku chache. Mbili za mwisho madhara yake hayaonekani upesi, ila ni makubwa vilevile.

Hatua ya nne: kila dawa ipewe uamuzi wa maandishi

Maamuzi ni manne: endelea, badilisha, simamisha kwa muda, acha. Nafasi tupu haikubaliki. Tupu inamwachia mgonjwa aamue, na ataamua kwa kufuata kilichoko mezani.

Hapa ni lazima umwone daktari. Usimpelekee malalamiko kwamba cheti chake kina kasoro, mpelekee karatasi yenye safu zako na maswali mafupi. Kwa bibi mazungumzo yalikwenda hivi.

Glibenklamidi inaachwa kabisa. Aliletwa na sukari ya 3.1, figo zake zimepungua nguvu, na dawa hii hukaa mwilini muda mrefu ikishusha sukari hata mtu asipokula. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu linasema haifai kwa mwenye umri zaidi ya miaka 60. Kreatinini yake ya kutoka, 118, kwa mwanamke wa umri wake, ni sawa na uchujaji wa figo wa mililita 44 hivi kwa dakika.

Metformini haikuwa imefutwa, ilisubirishwa tu. Daktari anairudisha: miligramu 500 mara moja kwa siku baada ya chakula, dozi ambayo bibi kweli anaimudu, na kliniki itaangalia kama ipande. Kwa figo zilizo kati ya mililita 30 na 45, isizidi miligramu 1000 kwa siku, na ikishuka chini ya 30 inaachwa. Maneno hayo yaandikwe kwenye barua, kwa sababu kliniki ya Newala haitakuwa na majibu ya kreatinini ya Mtwara.

Kidonge cha losatani na hidroklorothiazidi kinasimamishwa kwa muda. Ukiandika "simamisha" peke yake bado hujaandika kitu. Inahitaji sehemu tatu: kwa nini, hadi lini au hadi kipimo gani, na nani atakirudisha. Kwa hiyo iandikwe: *Kimesimamishwa kwa sababu ya figo kuumia wakati wa kuharisha. Pima kreatinini na presha baada ya siku 7. Daktari wa kliniki aamue kukirudisha.* Bila sentensi hiyo mgonjwa wa kisukari anaweza kukaa miaka bila dawa inayolinda figo zake, na kila anayemwona atadhani mwenzake alikuwa na sababu.

Amlodipini inabadilishwa kutoka 5 kwenda 10. Diklofenaki inaachwa, na kwa maumivu ya magoti atumie parasetamoli. Hiyo diklofenaki mwambieni sababu yake waziwazi: ikikutana na losatani na dawa ya kukojoa mwilini mwa mtu anayeharisha, figo zinakosa damu. Inawezekana kabisa ndiyo iliyomfikisha wodini. Omeprazoli kwa bibi imeisha, kiungulia hana.

Karatasi ya mwisho ya bibi inasomeka hivi:

- Amlodipini 10, kimoja asubuhi. IMEBADILISHWA. Za 5 zisitumike pamoja nayo.
- Metformini 500, kimoja asubuhi baada ya chakula. IMEBADILISHWA.
- Parasetamoli 500, viwili akiumwa, asizidi mara 4 kwa siku. MPYA.
- Losatani 50 na hidroklorothiazidi 12.5. IMESIMAMISHWA hadi kipimo cha siku ya 7.
- Glibenklamidi 5. ACHA.
- Diklofenaki. ACHA, na usinunue tena.

Dawa tatu za kunywa, tatu za kutokunywa. Cheti cha kwanza nacho kilikuwa na tatu, ila kilikuwa kimya kuhusu zile za nyumbani.

Hatua ya tano: mkabidhi anayegawa dawa, si anayezimeza tu

Uliza nani nyumbani humpa bibi dawa. Ni mama yake mjukuu, na yuko Newala. Mpigie simu mkiwa hapo kitandani, mpitishe dawa moja moja, halafu yeye akurudishie: "Kesho asubuhi utampa nini? Pakiti gani utaziweka pembeni?" Ukimuuliza kama ameelewa atakujibu "ndiyo" kwa heshima, na hutajua lolote.

Zilizoachwa ziondoke mezani. Afunge glibenklamidi na diklofenaki kwenye mfuko wa peke yake na kuupeleka kliniki siku ya miadi. Asizitupe chooni, wala asimpe jirani mwenye sukari. Kidonge cha losatani kifungwe kwenye mfuko mwingine ulioandikwa tarehe ya kipimo. Amlodipini ya 5 ndiyo yenye mabishano, maana imenunuliwa kwa pesa na hakuna anayetaka kuitupa. Mimi huruhusu itumike, viwili badala ya kimoja cha 10, iwapo anayegawa amenirudishia vizuri na pakiti haijaisha muda. Nikiona anasitasita, naomba iletwe kliniki pamoja na zile nyingine.

Mpe na dalili za kumrudisha haraka: jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, kizunguzungu akisimama, mkojo kupungua, miguu kuvimba. Akianza tena kutapika au kuharisha, asimpe metformini, na losatani kama itakuwa imesharudishwa, mpaka aonekane kituoni.

Hatua ya sita: barua isafiri na mgonjwa

Nakala moja ya karatasi ile iende na bibi ndani ya kadi yake ya kliniki, ibanwe kwa pini, na nyingine ibaki kwenye faili. Juu yake ongeza mistari miwili: kreatinini ya kuingia 210, ya kutoka 118, na tarehe ya kurudia kipimo. Weka na namba ya simu ya wodi, siyo yako binafsi, kwa sababu zamu hubadilika.

Mwambie mjukuu aonyeshe karatasi hiyo hata kwenye duka la dawa muhimu la kijijini. Muuzaji akiisoma "diklofenaki, acha" ana sababu ya kukataa kumuuzia. Bila karatasi atafanya alichozoea kumfanyia mteja wake wa siku zote.

Wodi isiyo na mfamasia mwishoni mwa wiki haitaweza yote haya kwa kila mgonjwa. Ukilazimika kuchagua, anza na mwenye dawa tano au zaidi, mwenye figo mbovu, anayetumia insulini au dawa ya kifafa, na yule ambaye dawa yake ilisimamishwa wodini. Wengine wapitishe angalau kwenye lile swali la hatua ya tatu, kipi kilikuwa nyumbani na hakipo kwenye cheti. Linachukua dakika chache tu iwapo mfuko wa dawa au picha zake tayari ziko mbele yako.

Siku ya tatu piga simu Newala. Usiulize bibi anaendeleaje, utajibiwa "anaendelea vizuri, tunashukuru". Mwombe anayegawa dawa akusomee pakiti alizofungua asubuhi hiyo.